Picha ya nyuma imeenda kwenye chati zote, na herufi za baba bado ndogo

Swali: "Fundi, shikamoo. Nauza dagaa Kibirizi. Nilitaka grupu la wateja wa jumla liwe na picha ya mtumbwi ili nisichanganye na grupu la familia, lakini mtumbwi umekaa kila mahali. Pia nimekuza herufi kwa ajili ya chati ya baba, yuko Ujiji na macho yamepungua, ila anasema bado haoni. Nifanyeje? Natumia WhatsApp, simu ya Android."

Marahaba, dada. Kwenye picha umepita mlango usio wake. Ukianzia kwenye Settings, ukaingia Chats, kisha Default chat theme, chochote unachochagua huko kinatandikwa kwenye chati zote. Rudi hukohuko, chagua ile mandhari ya kawaida ya WhatsApp, na mtumbwi utaondoka kila mahali.

Sasa fungua grupu lenyewe la wateja. Gusa vile vidoti vitatu juu kulia, chagua Chat theme. Ukiingia kwa njia hii, unabadilisha grupu hilo peke yake. Gusa Wallpaper, chukua picha ya mtumbwi kwenye galari yako, ihifadhi. Hapohapo kuna Chat color, inayobadilisha rangi ya viboksi vya meseji. Mimi ningekushauri uanze na rangi kabla ya picha, maana bei ukiiandika haraka macho yanakwenda kwenye viboksi, siyo kule nyuma. Na picha yenye mambo mengi, nyavu na watu na maji yanayong'aa, inachosha macho. Kama simu yako ina toleo la zamani, badala ya Chat theme utakuta neno Wallpaper tu, na rangi za viboksi hazipo. Mandhari za chati zililetwa mwaka 2025.

Hakikisha kabla hujaridhika: fungua grupu la wateja, halafu la familia. Mtumbwi uonekane kwa wateja tu. Wateja wenyewe hawataona kitu, kwa sababu hiyo ni pambo la simu yako.

Jambo moja huwaleta watu wengi dukani kwangu Mwanga. Chati ikishapewa mandhari yake, haifuati tena ile ya jumla. Siku utakapobadilisha ya chati zote, chati zingine zitageuka na grupu la wateja litabaki na mtumbwi. Simu haijaharibika. Ukitaka nalo lifuate, ingia ndani ya grupu hilohilo ubadilishe humo.

Usichanganye hayo na lile neno Theme linalokaa peke yake ndani ya Settings, Chats. Hilo ni la mwanga na giza: Light, Dark, au kufuata simu ilivyo. Linageuza WhatsApp nzima, huwezi kuweka giza kwa chati moja. Ukikuta usiku mtumbwi umefifia au hauonekani ulivyouweka mchana, angalia hapo kwanza, kwani kwenye giza kuna kipimo cha kufifisha picha ya nyuma.

Herufi nazo hazina mlango wa chati moja. Settings, Chats, Font size inakupa Small, Medium na Large, na chaguo lako linashika meseji za kila chati. Hakuna namna ya kumpa baba Large na wateja Small.

Lakini tatizo la baba si hilo. Ukubwa uliouweka wewe hausafiri na meseji. Inayofika Ujiji ni maneno tu, na simu yake ndiyo inayoamua ukubwa wake. Kwa hiyo rudisha zako zilivyokuwa, na ukienda kumsalimia umwekee Large kwenye simu yake. Isipotosha, toka WhatsApp, ingia kwenye mipangilio ya simu yenyewe, Display, halafu Font size, usogeze kitufe kwenda kulia. Sogeza hatua moja tu, umpe ajaribu kusoma meseji yako ya jana. Hapa kila kitu kwenye simu kinakua, hata menyu, na ukizidisha maneno yatakatwa pembeni. Kama anatumia iPhone, usihangaike kutafuta Font size ndani ya WhatsApp, maana herufi zinafuata ukubwa uliowekwa kwenye simu.

Akishindwa bado, mtumie meseji ya sauti. Baba yangu mwenyewe nilimkuzia mpaka mwisho, neno moja likawa linajaza nusu ya kioo, akanirudishia simu akasema nimpigie tu.