Zoezi la urari lenye mtego ndani yake

"Nawapa wanafunzi miamala gani ili wafike kwenye urari, na jibu lake liweje?"

Weka sita tu mwalimu. Mwenye biashara kaleta mtaji keshi 5,000, kanunua bidhaa keshi 2,000, kanunua zingine kwa mkopo 1,000, kauza keshi 1,800, kalipa pango 300, kamlipa yule anayemdai 400.

Ukifunga leja, debiti ni keshi 4,100, manunuzi 3,000 na pango 300, jumla 7,400. Krediti ni mtaji 5,000, mauzo 1,800, wadai 600, nayo 7,400.

Sasa utamu uko kwenye ile 400, maana wengi wataidebiti manunuzi badala ya mdai, manunuzi yawe 3,400 na wadai wabaki 1,000, na urari utalingana vilevile kwa 7,800! Kwa hiyo usisahihishe jumla peke yake, angalia salio la wadai.

Kuna wanaosema mauzo yapunguze manunuzi, hapana, mzigo uliobaki unahesabiwa mwisho wa kipindi. Ila kama mnarekodi stoku kila mkiuza, stoku ndiyo inapungua kwa bei ya kununulia, nyie mnatumia njia ipi?