Usifungue imeili mpya, faili lako wanalo

"Mwaka jana niliomba kazi ya stoo, wakanipiga chini baada ya intavyuu. Sasa wametangaza tena. Nitume sivii kwa imeili nyingine wasinikumbuke?"

Achana na hiyo imeili kabisa! Mimi ushauri huo niliuziwa na jamaa anayejiita mtaalamu wa sivii, pesa yangu akala, akaniambia nijisajili upya tu, eti mfumo hauna kumbukumbu. Mfumo wa maombi ya kazi usiwe na kumbukumbu, sasa upo wa nini? Jina ni lilelile, namba ya simu ileile, faili la zamani linaweza kuibuka. Na hata lisipoibuka, aliyekuhoji mwanzo huenda bado yupo.

Nikamsikiliza, nikaomba tena palepale waliponikataa kwa imeili mpya, na kwenye intavyuu nikakuta sivii zangu mbili ziko mezani. Ya zamani inasema kazi fulani niliacha mwezi wa tatu, ile aliyoipamba jamaa inasema mwezi wa nane, kuziba muda niliokaa bila kazi, halafu cheo changu cha hukohuko kimepanda kutoka karani wa stoo hadi msimamizi. Mama aliyekuwa ananihoji akaweka kalamu kwenye mstari ule akauliza, "Ya kweli ni ipi?" Basi, ujuzi haukuulizwa tena. Kinachoniuma mpaka leo, cha kweli nilikuwa nacho. Mwanzo walinikataa kwa vile sijawahi kusimamia zoezi la kuhesabu mzigo, na safari hii nilikuwa nimeshalisimamia kazini, ila sikulitaja popote maana nilikuwa najifanya mgeni.

Kwa hiyo wewe jitaje mwenyewe, aya ya kwanza ya barua. Mfano: "Niliomba nafasi hii mwaka jana na mkanihoji. Wakati ule sikuwa nimesimamia kuhesabu mzigo. Tangu hapo naongoza hesabu ya kila mwisho wa mwezi, nalinganisha kadi za stoo na mzigo uliopo, tofauti naziandikia ripoti. Msimamizi wangu atathibitisha." Sentensi chache tu, usilalamike, usiombe msamaha. Ila kiwe kitu unachofanya kweli, na huyo msimamizi umwambie mapema kuwa anaweza kupigiwa.

Kwenye sivii, kipya kikae juu. Tarehe na vyeo vya zamani usiguse, na kama kweli ya mwanzo ilikuwa na kosa basi rekebisha na uwaambie umerekebisha. Cheti cha semina hakisaidii kama walichokosa kwako ni uzoefu. Hujui walikukatalia nini? Chukua tangazo la mwaka jana, pitia sifa moja moja, tazama ni ipi uliyojibu kwa kubabaisha, mara nyingi ndiyo hiyohiyo. Na kama walikwambia ulifaa ila nafasi ilikuwa moja, huna cha kuthibitisha upya, wakumbushe hilo kwenye barua utume hata leo.

Sivii ya mwaka jana unayo bado? Itafute, iweke pembeni ya hii mpya, uzisome mstari kwa mstari kabla hujabonyeza kutuma.