Sura moja, hisia nyingi

"Nimechora katuni yangu kutoka selfi moja, ila kila nikibadilisha hisia anatokea mtu mwingine. Nifanyeje?"

Usichore upya kila mara, ndugu. Ndani ya programu ya kuchorea ya Inkscape, chora uso mtulivu mmoja juu ya selfi, kila kiungo kwenye tabaka lake. Kisha funga tabaka za kichwa, nywele na pua zisisogee. Umbali kati ya macho nao usiuguse, maana husaidia kumtambulisha mtu. Hisia zibebwe na nyusi, kope na mdomo tu. Kwa hasira, shusha ncha za ndani za nyusi na ubane mdomo. Kwa kicheko, pandisha kope za chini; mdomo peke yake hutoa tabasamu la bandia. Itazame katuni ikiwa ndogo kama ukucha: hisia isiposomeka, nyusi zitie chumvi.