Mwalimu, mkufunzi au mhadhiri: nijiite nani kwenye wasifu wa kazi ya mafunzo?

*Nimefundisha hisabati sekondari miaka minne, na jioni nilikuwa na wanafunzi wa tuisheni. Sasa ni afisa madai katika kampuni ya bima. Mfumo wa madai ulipobadilishwa nilipewa kazi ya kuwafundisha wenzangu 30, na nimewalea maafisa wawili wapya. Chuo kimoja kiliwahi kunialika kutoa mhadhara. Naomba kazi ya kufundisha wafanyakazi. Je, niandike mwalimu, mwalimu wa vitendo, mwalimu wa tuisheni, mhadhiri au mnasihi?*

Andika mkufunzi, lakini uangalie unaliweka wapi.

Kwenye historia ya kazi, cheo hubaki kama kilivyo kwenye mkataba wako. Wewe ni afisa madai, na kabla ya hapo ulikuwa mwalimu wa hisabati. Mwajiri akimpigia mwajiri wako wa sasa kuuliza habari za "mkufunzi" fulani na kujibiwa kwamba hawana mtu wa cheo hicho, maombi yako yameingia doa kwa jambo ambalo hata si uongo. Neno mkufunzi liweke kwenye maelezo mafupi ya juu ya wasifu, pamoja na fani yako: "Mkufunzi wa wafanyakazi, mifumo ya madai ya bima." Fani ni ya lazima, kwa sababu wanaofundisha vyuo vya ualimu nao huitwa wakufunzi, na msomaji asipoambiwa atabuni mwenyewe. Tangazo likisema "afisa mafunzo", tumia maneno hayo hayo mahali fulani kwenye maelezo. Anayechuja maombi mia mbili hutafuta alichokiandika yeye.

Mhadhiri liache kabisa. Hicho ni cheo cha chuo kikuu chenye ngazi zake: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, kisha profesa mshiriki na profesa. Aliyealikwa siku moja ni mtoa mada mgeni, basi. Mwalimu ni halali yako kwa ile miaka minne, ila likikaa juu ya wasifu linamfanya msomaji aone darasa la watoto, mtaala uliotoka wizarani na mtihani wa mwisho wa mwaka. Mwalimu wa vitendo humwongoza mtu mpaka mkono uzoee, kama kwenye udereva au mashine. Lingekufaa kama kazi yako ingekuwa hiyo. Tuisheni, ambako unamsaidia mmoja au wachache pale walipokwama, ipe mstari mmoja, au ifute kama nafasi ni finyu.

Mnasihi ni habari nyingine. Huyo hana ratiba ya somo. Anatembea na mtu mmoja kwa miezi, na ajenda hutoka kwa anayelelewa. Usilifanye cheo, lakini wale maafisa wawili wataje kama jukumu, kwa sababu kazi ya mafunzo haiishi siku kikao kinapofungwa.

Tuje kwenye kinachoamua zaidi kuliko cheo. Watu wengi huandika hivi: "Niliwafundisha wafanyakazi mfumo mpya." Mtu wa mafunzo akisoma hapo anabaki na maswali. Ulijuaje wanahitaji nini? Uliandaa nini? Nini kilibadilika? Tangu 1959, Donald Kirkpatrick alipoanza kuchapisha makala zake kuhusu kutathmini mafunzo, watu wa fani hii hupima kwa ngazi nne: washiriki walipokeaje mafunzo, walijifunza nini, wanafanya kazi tofauti na zamani, na taasisi imepata nini. Wasifu mwingi huishia ngazi ya kwanza ("washiriki walifurahia"), na hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote.

Mstari wako ungeweza kusomeka hivi:

"Nilipitia madai yaliyorudishwa ili kubaini makosa yanayojirudia, nikaandaa mwongozo na mazoezi, nikawafundisha maafisa 30 kutumia mfumo mpya wa madai, kisha nikafuatilia makosa hayo baada ya mafunzo."

Angalia vitenzi: nilipitia, nikaandaa, nikawafundisha, nikafuatilia. Kufundisha ni kimoja tu kati ya vinne, na hivyo vingine vitatu ndivyo vinavyomtofautisha mkufunzi na mfanyakazi mzoefu aliyeombwa awaonyeshe wenzake. Bila shaka, andika ulichofanya kweli tu. Kama hukuwahi kupitia madai yaliyorudishwa, kipande hicho kitoke, maana swali la kwanza la usaili litaangukia hapo hapo.

Kabla ya kutuma, muulize msimamizi wako kama kuna kumbukumbu za madai yaliyorudishwa kwa makosa, miezi mitatu kabla ya mafunzo na miezi mitatu baada yake. Makosa yakiwa yamepungua, weka tarakimu hizo mwishoni mwa mstari, lakini usidai kwamba ni mafunzo peke yake; mfumo mpya nao huenda umezuia baadhi. Ukikosa kumbukumbu, taja mwongozo ulioandika na kama bado unatumika idarani.