Barua kuhusu mkwaruzo wa gari la kukodi

"Nimekuta mkwaruzo kwenye bampa ya gari nililokodi. Mtu mmoja amenishauri niwaarifu mapema wenye gari na niahidi kulipa. Niwaandikieje, na niambatishe picha gani?"

Ndugu, eleza ulichokiona bila kukisia nani aligonga: "Niliegesha saa 4 asubuhi, niliporudi saa 6 mchana nilikuta mkwaruzo wa sentimita 12 upande wa kulia wa bampa ya nyuma, rangi imetoka, plastiki haijapasuka." Ambatisha picha ya mbali inayoonyesha namba ya gari, ya karibu yenye rula kando ya mkwaruzo, na ya fomu ya makabidhiano, kwani hiyo ndiyo itakayoonyesha kama alama ilikuwapo tangu mwanzo. Aliyekushauri uwaarifu mapema na uahidi kulipa yuko sahihi nusu tu: taarifa itolewe mapema, lakini suala la gharama lisubiri ukaguzi na masharti ya bima.