Mayonezi ya kiini kibichi ikikaa mezani kutwa

*Nina kibanda cha chipsi na kuku hapa Kondele, Kisumu. Mayonezi natengeneza mwenyewe: viini vinne vya mayai ya kienyeji, nusu lita ya mafuta, kijiko kikubwa kimoja cha maji ya ndimu na chumvi. Chupa inakaa mezani kuanzia saa nne asubuhi mpaka jioni. Mteja ameniambia hiyo ni sumu kwa sababu kiini ni kibichi. Mbona ya dukani pia ina yai na inakaa tu kwenye rafu?*

Ya dukani hutengenezwa kwa mayai ambayo kwa kawaida yamepashwa moto kiwandani kuua vijidudu, na siki yake ni nyingi kiasi kwamba pH, kipimo cha asidi kinachoshuka asidi ikizidi, iko karibu na 4 au chini. Salmonela, bakteria wa kwenye mayai anayeleta kuhara, hawezi kuzaana humo. Ukiisahau mezani usiku mmoja, kitakachoharibika kwanza ni ladha, maana mafuta yanaanza kuchacha.

Yako ni tofauti, na tofauti iko kwenye hicho kijiko cha ndimu. Kijiko kikubwa ni mililita 15. Gawa kwa viini vinne: kila kiini kimepata chini ya mililita 4. Mayonezi ya nyumbani huhitaji takriban mililita 20 za siki au maji ya limau kwa kila kiini, yaani mara tano ya unachoweka. Mafuta hayahesabiki hapa, kwa sababu asidi haikai ndani ya mafuta. Inakaa kwenye maji, na karibu nusu ya kiini ni maji. Humo ndimo salmonela anamoishi, na kwa joto la Kisumu la mchana, asidi ikiwa hafifu, saa nane au tisa zinamtosha kuzaana vizuri.

Usitegemee jina la kienyeji. Kuna salmonela anayeingia ndani ya yai likiwa bado kwenye mwili wa kuku, kwa hiyo hata ganda lililooshwa likang'aa halikuhakikishii kitu. Pua nayo haitakusaidia: mayonezi yenye salmonela hainuki wala haibadiliki rangi. Ile inayojitenga mafuta juu imekatika tu. Haimaanishi ina sumu.

Ukiweka mililita 80 za siki kwa viini vinne, wateja watakunja uso. Punguza viini badala yake. Viwili vinabeba mililita 400 za mafuta bila shida, na siki inayotakiwa inakuwa mililita 40. Chagua siki yenye asidi ya asilimia 5, kwa sababu inaua salmonela vizuri kuliko ndimu, na nguvu yake haibadiliki kutoka tunda moja hadi lingine.

Hata hivyo, asidi huua polepole. Inachukua siku, si dakika, na ajabu yake ni kwamba kwenye friji inachukua muda mrefu zaidi: baridi humzuia salmonela kuzaana lakini pia humkinga na asidi. Kwa mtu anayeuza, sioni sababu ya kungoja. Pasha viini kwanza.

Chukua sufuria ndogo, weka viini viwili, vijiko vikubwa viwili vya siki na viwili vya maji. Weka kwenye moto mdogo kabisa, ukikoroga bila kuacha na kukwangua chini. Kipimajoto kikifika nyuzi 71 za selsiasi, au ukiona kiputo kimoja kimoja kikianza kutokea na uji umeshika mwiko, epua mara moja na uketishe sufuria ndani ya maji baridi. Ukichelewa, utapata yai la kukaanga lenye siki. Uji ukipoa, tia kwenye blenda na chumvi, kisha mimina mililita 250 za mafuta, kwanza tone kwa tone, halafu kama uzi mwembamba. Ukiharakisha mwanzoni, itakatika.

Igawe kwenye chupa ndogo. Moja iwe mezani kwa saa mbili, nyingine zikae kwenye friji au kasha la barafu. Joto likipita nyuzi 32, fanya saa moja. Chupa ikiisha, ioshe kwa maji moto na sabuni ikauke; kujazia mpya juu ya mabaki kunarudisha ulichokuwa unakimbia.

Kama unachanganya mayonezi na kabeji, viazi au nyama ya kuku iliyochambuliwa, hapo hata ya dukani haikuokoi, kwa kuwa asidi imesambaa kwenye chakula ikapungua nguvu. Mara nyingi anayehusika hapo ni stafilokoka, bakteria anayetoka kwenye kidonda au pua ya mpishi. Sumu yake haiondoki hata ukipasha chakula upya. Mteja akianza kutapika saa moja hadi sita baada ya kula, mshuku huyo. Kuhara na homa vinavyoanza baada ya saa sita hadi siku tatu vinaelekeza zaidi kwa salmonela.