Pingi safi, faili halifiki

Mwaka jana niliitwa ofisi moja pale Uhindini, Dodoma mjini. Mama wa uhasibu alinipokea kwa kusema, "Mwanangu, faili la megabaiti 700 linachukua saa nzima kutoka kwenye seva." Kwa poti ya megabiti 100 lilitakiwa kwisha ndani ya dakika moja hivi. Fundi aliyenitangulia alikuwa amelaumu vumbi la Dodoma na kubadilisha kebo mara mbili. Na mimi, nakiri, nilianza na kebo.

Pingi ilikuwa safi, haikupotea hata moja. Hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Nikafungua swichi:

```
show interfaces FastEthernet0/7
Full-duplex, 100Mb/s
1134 CRC, 0 late collision
```

Kwenye seva, ambayo ilikuwa mpya:

```
ethtool eth0
Speed: 100Mb/s
Duplex: Half
```

Kumbe mtu aliwahi kuifunga poti ya swichi kwa mkono, 100 na dupleksi kamili, yaani kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, huku seva ikibaki kwenye `auto`. Poti iliyofungwa hivyo inaacha kutangaza uwezo wake. Upande wa `auto` unaweza kuitambua kasi kwa kusikiliza mawimbi tu, lakini dupleksi haina njia ya kuijua, kwa hiyo kanuni inauangusha kwenye nusu dupleksi.

Sasa seva inaamini ni zamu kwa zamu, ila swichi inasema wakati wowote. Pingi ni ujumbe mdogo, jibu hufuata swali, hawagongani. Faili kubwa ni kitu kingine: seva inamwaga data na wakati huohuo risiti za kupokea zinarudi kutoka kwa kompyuta ya mama. Seva ikisikia sauti katikati ya maneno yake inadhani ni mgongano, inakatisha fremu. Swichi inapokea kipande, hesabu ya kukagua fremu haikubali, kaunta ya CRC inapanda. Mgongano ukitokea baada ya baiti 64 za mwanzo ni wa kuchelewa, na kadi ya mtandao kwa kawaida hairudii fremu hiyo. TCP ndiyo inayosubiri na kutuma tena. Saa yote ilikuwa inaliwa huko.

Kwa hiyo angalieni pande zote mbili. CRC upande wa dupleksi kamili na migongano ya kuchelewa upande wa nusu ni ugonjwa huu. CRC ikipanda na pande zote ni kamili, hapo rudini kwenye kebo na plagi zake. Kasi zikifungwa tofauti kwa mkono, kwa kawaida taa ya poti haiwaki kabisa, kwa hiyo hiyo haijifichi.

Nilirudisha poti kwenye mapatano:

```
interface FastEthernet0/7
 speed auto
 duplex auto
```

Kisha `clear counters`, maana namba za zamani hazifutiki zenyewe na zitakuchanganya. Nikamwomba mama avute faili tena, nikakaa kutazama kaunta. Dakika moja na kidogo, CRC sifuri. Akaniuliza kama ile kebo mpya waliyonunua inaweza kurudishwa dukani.